Dadu, gurudumu au ringi: banda lipi linakula dau lako polepole?

Msimu wa Nane Nane uliopita nilimpeleka mpwa wangu kwenye maonyesho. Ng'ombe wa maziwa alimtazama dakika mbili, trekta dakika tano, kisha akanivuta hadi kule nyuma kwenye mabanda ya michezo, ambako spika zilikuwa zinapigana kelele. Nilikuwa nimemwahidi shilingi 5,000 za kuchezea. Kila banda lilitoza dau la shilingi 500, kwa hiyo mkononi tulikuwa na madau kumi. Mabanda matatu yalikuwa na watu. Kwanza dadu tatu ndani ya kopo, pili gurudumu la kuzungusha, na tatu lile la kurusha ringi kwenye shingo za chupa za soda.

Akaniuliza, "Mjomba, lipi linatoa sana?"

Swali lake lina majibu mawili tofauti, na wengi tunayachanganya. Kuna banda linalotoa mara nyingi, na kuna banda linalorudisha pesa nyingi. Kinachofaa kulinganishwa ni hili la pili. Ukicheza mchezo uleule mara nyingi mno, kwa wastani kila dau la 500 linarudi na shilingi ngapi? Vitabu vya hesabu hukiita thamani tarajiwa. Jina hilo limewapotosha wanafunzi wangu wengi, kwa sababu wanadhani ni kiasi cha kutarajia ukicheza mara moja. Siyo. Kwenye banda la dadu wastani huo ni kama shilingi 461, na hakuna mtu aliyewahi kupewa shilingi 461 pale. Unapewa sifuri, au 1,000, au 1,500, au 2,000. Hiyo 461 inaonekana tu pale michezo mingi inapojumlishwa na kugawanywa.

Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alilitazama jambo hili kwa jicho la mnunuzi: nafasi ya kucheza ina bei yake halali, kama kilo ya sukari. Nitafuata njia hiyohiyo. Kila banda linauza nafasi kwa 500, nami nataka kujua ndani ya kifurushi mna thamani ya shilingi ngapi.

Banda la dadu

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mabaharia wa Uingereza walikuwa na wa kwao wenye dadu zilizochorwa taji, nanga na alama nne za karata badala ya nukta, lakini hesabu ni ileile. Unaweka 500 juu ya namba moja kati ya 1 hadi 6. Mwenye banda anatikisa kopo lenye dadu tatu na kulipindua mezani. Namba yako isipotokea, dau limekwenda. Ikitokea kwenye dadu moja unarudishiwa dau na 500 juu yake. Ikitokea kwenye dadu mbili, dau na 1,000. Ikitokea kwenye zote tatu, dau na 1,500.

Kijana wa banda alikuwa na maneno yake ya kuvutia watu: "Kaka, namba ziko sita, dadu ziko tatu. Nusu kwa nusu! Weka tu!" Ukisikiliza haraka unaona anasema kweli. Dadu moja ina nafasi moja kati ya sita, dadu tatu zina tatu kati ya sita, basi nusu. Tena ukipata mbili au tatu unaongezewa. Kwa hesabu hiyo mwenye banda angekuwa anagawa sadaka.

Tuhesabu polepole. Dadu tatu zinaweza kuanguka kwa namna 6 × 6 × 6, yaani 216, na zote zina uzito sawa. Namba yako inakosekana kabisa katika namna 5 × 5 × 5, ambazo ni 125. Inatokea mara moja tu katika namna 75, mara mbili katika namna 15, na mara tatu katika namna moja. Kwa hiyo unapata chochote katika namna 91 kati ya 216, ambayo ni kama mara 42 katika mia. Nusu haifiki.

Sasa chukua mtu aliyecheza mara 216, na kila namna ikamtokea mara moja. Ametoa madau ya shilingi 108,000. Mara 75 amepokea 1,000, jumla 75,000. Mara 15 amepokea 1,500, jumla 22,500. Mara moja amepokea 2,000. Zote ni 99,500. Gawa kwa 216, kila dau limerudi na shilingi 460 na senti 65. Banda limebaki na 39.35 katika kila 500, karibu asilimia 8.

Pesa hiyo inatoka wapi? Hapa pana kitu ambacho ningependa kila anayecheza dadu akione. Chukua watu sita, kila mmoja ameweka 500 kwenye namba yake, na namba zote zimekaliwa. Kopo likipinduliwa na dadu zote zikawa tofauti, tuseme 1, 3 na 6, watu watatu wamepoteza jumla ya 1,500 na watatu wamepata jumla ya 1,500. Mwenye banda amehamisha tu pesa za huyu kwenda kwa yule, na yeye mfuko wake haujaguswa. Lakini zikija 4, 4 na 2, mambo yanabadilika. Wanne wamepoteza, jumla 2,000. Mwenye 4 anapewa 1,000 juu ya dau lake, mwenye 2 anapewa 500, jumla 1,500. Zile 500 zilizobaki zimeingia kwenye droo. Na zikija tatu zinazofanana, watano wanapoteza 2,500, mmoja anashangilia 1,500, na 1,000 inaingia kwenye droo.

Kwa maneno mengine, mwenye banda anakula pale tu dadu zinapofanana, wakati uleule ambao meza nzima inapiga kelele za furaha. Kati ya namna 216, dadu zote hutofautiana katika 120, mbili hufanana katika 90, na tatu hufanana katika 6. Jumla ya faida yake ni 45,000 na 6,000, yaani 51,000, kutoka kwenye madau 1,296 ya watu sita. Gawa, utaipata 39.35 ileile. Ili mchezo uwe wa haki angepaswa kulipa zaidi pale namba mbili zinapofanana, na hilo ndilo asilolifanya.

Kabla hujaweka pesa, soma ubao, au muulize kwa Kiswahili kisicho na utata: "Nikipata moja, mkononi napokea shilingi ngapi zote pamoja?" Kuna mabanda yanayoandika "Moja 500, Mbili 1,000, Tatu 1,500" na kunyamaza kuhusu dau. Ikiwa hizo ndizo pesa zote unazopokea, dau likiwa ndani yake, basi umepata moja kumbe umerudishiwa mali yako mwenyewe. Hesabu ya 216 inakuwa 37,500 na 15,000 na 1,500, jumla 54,000. Gawa kwa 216, unapata 250 kamili. Kopo ni lilelile, dadu ni zilezile na kelele ni zilezile, ila sasa banda linakula nusu ya kila dau badala ya asilimia 8.

Na ile "nusu kwa nusu" ya yule kijana inapata maana yake hapa. Dadu tatu, kila moja ikiwa na nafasi ya sita moja, kwa wastani zinakupa nusu ya namba kila mchezo. Nusu hiyo ni wastani wa idadi ya dadu zinazokuangukia, siyo nafasi yako ya kushinda, kwa sababu mara nyingine unapata mbili au tatu kwa mpigo, na hizo zimehesabiwa humohumo kwenye nusu.

Gurudumu

Hili ndilo lililompendeza mpwa wangu, kwa rangi zake na mlio wa kipande cha plastiki kinavyogonga misumari. Lina vyumba 12. Chumba kimoja kimeandikwa 2,000, viwili 1,000, viwili vina kalamu, kimoja kimeandikwa "zungusha tena", na sita vimechorwa uso wenye huzuni. Kalamu ile dukani ni shilingi 200.

Chumba cha "zungusha tena" kinawachanganya watu, lakini ndicho rahisi kuliko vyote. Hakikupi wala hakikunyang'anyi, kinakurudisha ulipokuwa. Kifute tu, uhesabu vyumba 11 vilivyobaki. Ukizunguka mara 11 na kila chumba kikatoka mara moja, umetoa 5,500. Umerudishiwa 2,000, na 1,000 mara mbili, na kalamu mbili za jumla ya 400. Zote ni 4,400, yaani 400 kwa kila dau. Banda linabaki na 100, asilimia 20.

Angalia sasa nani "anashinda" mara nyingi. Kwenye gurudumu watu 5 kati ya 11 wanaondoka na kitu mkononi, kama 45 katika mia. Kwenye dadu ni 42 katika mia. Anayehesabu makofi ataona gurudumu ni bora, ilhali linakula zaidi ya mara mbili ya dadu. Tofauti imefichwa na kalamu. Anayepewa kalamu anapigiwa makofi, anapiga picha, na amepoteza shilingi 300. Waliozidisha pesa zao kweli ni 3 tu kati ya 11.

Hesabu yote hii inasimama juu ya sharti moja, kwamba vyumba vinalingana. Usihesabu vyumba, hesabu nafasi kati ya misumari. Gurudumu zuri la vyumba 12 lenye nafasi 36 lina nafasi tatu kwa kila chumba. Fundi asiye mwaminifu anakipa chumba cha 2,000 nafasi moja tu, na zile mbili anazigawa kwa nyuso za huzuni zilizo pembeni yake, ambapo macho hayakai. Kwa umbali wa hatua mbili hutaona, hasa kama limepakwa rangi zinazowaka. Ukihesabu upya, nafasi zinazolipa ni moja ya 2,000, sita za 1,000 na sita za kalamu, jumla 9,200 katika nafasi 33. Wastani unashuka kutoka 400 hadi kama 279. Lile tulilolikuta lilikuwa na nafasi tatu kila mahali. Nilizihesabu gurudumu likiwa limesimama, na mama mwenye banda akaniangalia kwa jicho baya.

Ringi

Hapa karatasi na kalamu hazitoshi. Dadu na gurudumu unaweza kuvihesabu ukiwa umekaa nyumbani, lakini ringi inategemea mkono, umbali, na ugumu wa plastiki yake. Dau la 500 linakupa ringi tatu. Inayoingia kwenye shingo ya chupa na kukaa inakupa soda hiyo, ambayo nje ya geti naipata kwa 700.

Njia pekee ni kusimama pembeni na kuhesabu. Nilichora vijiti nyuma ya tiketi ya kuingilia, vinne wima na cha tano kukatiza. Watu kama ishirini walirusha jumla ya ringi 150, yaani madau 50, shilingi 25,000. Zilizoingia zilikuwa 9. Soda tisa ni 6,300. Gawa kwa madau 50, kila dau limerudi na shilingi 126. Banda limebaki na 374 katika kila 500, karibu robo tatu.

Je, ringi 150 zinatosha kusema? Kwa usahihi, hapana. Kwa uamuzi, ndiyo. Tuseme niliwakuta siku mbaya na kwa kawaida zinaingia mara mbili ya hizo, 18. Wastani ungekuwa 252, na bado banda hili lingekuwa la mwisho. Ili ringi irudishe dau lake zima, zingepaswa kuingia 36 kati ya 150, karibu ringi moja katika kila nne. Kutoka 9 hadi 36 ni mbali mno kusingizia bahati ya siku.

Sababu inaonekana ukikaribia. Ringi ni ya plastiki ngumu na tundu lake limeizidi shingo ya chupa kidogo tu, na chupa zimepangwa zikigusana. Ringi ikija imeinama hata kidogo inagonga mdomo wa chupa, inaruka, inagonga ya pili, inaishia chini. Lazima ishuke ikiwa imelala bapa. Wengi walikuwa wanarusha kwa nguvu kana kwamba wanatupa jiwe kwenye embe.

Palikuwa na kijana mmoja, fundi baiskeli kwa mikono yake ilivyokuwa, aliyeingiza tatu katika ringi 12. Watu wakasema huyu anajua. Tatu katika 12 ni robo, juu kidogo ya mstari wa kurudisha dau. Labda anajua kweli. Lakini mrushaji wa kawaida, yule wa ringi 6 katika mia, naye huweza kuingiza tatu au zaidi katika 12 kwa bahati tu, kama mmoja kati ya watu thelathini. Nami nilikuwa nimetazama watu ishirini, kwa hiyo kumwona mmoja wa namna hiyo si ajabu. Ningeamini mkono wake baada ya ringi 60 au 70, na asingekubali kuzilipia ili kunipa ushahidi.

Pamoja na hayo, hili ndilo banda pekee ambalo wastani wake unaweza kuubadilisha wewe mwenyewe. Mtu mwenye ua nyumbani, chupa nane na ringi ya kukata kwenye ndoo ya plastiki anaweza kufanya mazoezi hadi avuke robo. Dadu hazijui kama umefanya mazoezi. Na jambo dogo la mwisho: kama hunywi soda, usiiandike 700. Iandike kile utakachoiuzia.

Zikiwekwa pamoja

| Banda | Kinachorudi kwa dau la 500 | Unachopoteza kwa madau 10 | Unachopoteza kwa saa |
|---|---|---|---|
| Dadu (dau linarudishwa) | kama 461 | kama 394 | kama 3,935 |
| Gurudumu | 400 | 1,000 | 3,000 |
| Ringi | 126 | 3,740 | 4,488 |

Safu ya mwisho ndiyo iliyonishtua mimi mwenyewe. Nilipima kwa saa ya simu. Kopo la dadu lilipinduliwa karibu mara 100 kwa saa, kwa sababu hakuna cha kusubiri. Gurudumu lina foleni na linachukua muda kusimama, kwa hiyo mchezaji mmoja hapati zaidi ya zamu 30. Ringi, kwa kuokota na kupanga mstari, zamu kama 12. Banda lenye wastani mzuri kuliko yote linaweza kukumaliza haraka kuliko gurudumu, kwa sababu linameza madau mengi. Kwa hiyo ukija na idadi ya madau uliyoipanga, dadu. Ukija na saa nzima ya kupoteza na hujiamini kuondoka, gurudumu litakuchosha kabla halijakumaliza.

Sasa, hizo 394 za dadu kwa madau kumi zisomwe kwa uangalifu. Katika michezo kumi matokeo yanayumba sana. Kuwa juu kwa 1,500 au chini kwa 2,500 ni jambo la kawaida kabisa, na zaidi kidogo ya theluthi moja ya watu wataondoka na faida baada ya madau kumi. Ndiyo maana kila mtu ana shemeji aliyewahi kula pale. Ukifika michezo 1,000, hali ni nyingine. Hasara ya wastani ni kama 39,000, na kuyumba kwa kawaida ni kama 18,000 juu au chini, kwa hiyo aliye na faida ni kama mmoja tu katika mia. Wewe uko kwenye ile kumi. Mwenye banda, akikusanya madau 2,000 kwa siku, yuko ng'ambo kule ambako wastani ndio mshahara wake. Anatarajia kama 79,000 na anaweza kulala usingizi.

Hapa ndipo wengi huteleza, na mpwa wangu aliteleza mbele yangu. Namba 5 ilikuwa haijatokea kwa mizunguko minane. "Mjomba, tuweke tano, imekawia, lazima ije isawazishe." Haiji kusawazisha chochote. Dadu hazina daftari. Mzunguko wa tisa namba 5 ina nafasi ileile, 91 kati ya 216.

Basi wastani unafikaje kwenye 461 kama hakuna kitu kinachouvuta? Chukua mtu aliyeanza vizuri, baada ya michezo kumi yuko juu kwa 2,000. Kwa michezo hiyo kumi, bahati hiyo ni shilingi 200 kwa kila mchezo, kitu kikubwa. Akiendelea hadi 1,000, ile 2,000 haijachukuliwa na mtu, lakini ikigawanywa kwa michezo 1,000 ni shilingi 2 tu kwa kila mmoja. Imezama, kama kijiko cha chumvi kilichotosha sufuria na sasa kimetiwa kwenye pipa. Michezo 990 iliyofuata, ambayo kila mmoja kwa wastani umemla 39, ndiyo iliyoifunika. Jacob Bernoulli alithibitisha jambo la namna hii, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Hakusema popote kwamba bahati mbaya inadaiwa.

Kinyume chake kipo pia. Ukiwa chini kwa 3,000, kuendelea kucheza "hadi zirudi" hakukurudishi kwenye sifuri. Wastani unakwenda 461 kwa kila dau, na kila dau jipya linaongeza 39 nyingine kwenye kile unachotarajia kupoteza. Kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza hakubadilishi kitu hapo, maana dau la 1,000 linapoteza 79 na la 2,000 linapoteza 157. Asilimia ni ileile, umeipandisha tu kwenye pesa nyingi zaidi.

Kwa madau kumi yetu nilipendekeza dadu saba, na matatu ayapeleke anakotaka. Kabla ya kuanza nilimuuliza yule kijana swali langu la mkononi napokea ngapi. Akajibu bila kusita, "Ukipata moja, buku. Dau lako na mia tano yangu." Basi tukaweka. Katika saba tulipata moja-moja mara mbili na mbili kwa mpigo mara moja, tukawa tumetoa 3,500 na kupokea 3,500. Yale matatu aliyapeleka yote kwenye ringi, ringi tisa, licha ya vijiti vyangu nyuma ya tiketi. Hakuna iliyoingia. Ya nane iligonga mdomo wa chupa ya stoni, ikazunguka juu yake kwa muda mrefu mno, tukashika pumzi wote pamoja na mwenye banda, kisha ikadondoka upande wa pili. Njiani kurudi alikuwa anaizungumzia hiyo tu.